Kilichoandikwa kimeandikwa: shukrani kwa waliohamisha vitabu vya mfuko wetu

Ndugu zetu wengi walioko Dar, Arusha na kwingineko hawakufika kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na wameomba niwaandikie niliyoyasema pale nikiwa mweka hazina wa mfuko wetu wa misiba. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikarefusha sehemu ambazo muda uliniminya. Majina ya waliojitolea kuhamishia vitabu vya mfuko kwenye jedwali la mtandaoni niliyasoma mkutanoni, kila mmoja akasimama akapigiwa makofi. Hapa siyaandiki, wenyewe wameomba iwe hivyo.

Mwenyekiti wa kijiji, Mtendaji wetu, wenyeviti wa vitongoji, wazee wangu, mama zangu, vijana, nawasalimu wote.

Mfuko wetu wa misiba mnaujua. Kila kaya inatoa mchango wa mwezi, na msiba ukitokea mfuko unanunua sanda au jeneza, unasaidia chakula cha waombolezaji, na unampa mfiwa kiasi tulichokubaliana. Tulianza na shilingi 1,000 kwa mwezi mwaka 2006, tukapanda hadi 2,000 mwaka 2013, na sasa ni 3,000. Miaka yote hiyo kumbukumbu zilikaa kwenye kaunta buku: mistari ya kaya ikishuka chini, miezi ikienda kulia, jumla ya ukurasa chini kabisa, na juu ya ukurasa unaofuata neno "imeletwa" na jumla ile ile ikinakiliwa upya. Nilipokabidhiwa uweka hazina nilikabidhiwa pia sanduku la bati lenye vitabu hivyo. Leo yote yaliyomo yapo kwenye jedwali moja la Google Sheets ambalo mtu wa Same mjini na mtu wa Mbagala wanaweza kulifungua kwa wakati mmoja na kuona kitu kile kile.

Waliofanya kazi hii ni mwalimu wetu mstaafu, muuguzi wa zahanati, vijana wawili waliokuwa wakisubiri matokeo ya kidato cha nne, na kijana wetu mmoja wa Dar anayefanya kazi ya uhasibu. Hakuna aliyelipwa. Sisi Wapare tuna msaragambo, tunajua kutoka asubuhi na jembe kwenda kuchimba mfereji au kuzibua ndiva bila kuuliza ujira. Hawa wameufanya msaragambo wakiwa wamekaa, na ninataka mjue walichokifanya hasa, maana wengi mnadhani walikuwa wananakili tu.

Kabla ya kuandika chochote walipiga picha. Kila ukurasa wa kila kitabu ulipigwa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, kwa sababu flashi inang'arisha karatasi na kuumeza wino uliofifia. Kila picha ikapewa jina la kitabu na ukurasa: K05-034 ni kitabu cha tano, ukurasa wa 34. Vijana walilalamika kwamba kazi haisongi. Mwalimu akawaambia, "Wanangu, kitabu kikipotea leo usiku, mtaandika kutoka wapi?" Picha hizo ndizo zilizomwezesha kijana wa Dar kuhakiki kurasa ambazo hakuwahi kuzishika.

Kisha wakaamua umbo la jedwali. Ilikuwa rahisi kulichora kama lilivyo kitabuni, kaya chini na miezi kulia. Kijana wetu wa uhasibu alikataa, na alikuwa sahihi. Umbo lile linafaa macho, lakini kila mwaka mpya unadai safu mpya 12, na ukitaka kujua mchango fulani umetoka ukurasa gani, hakuna pa kuandika. Wakakubaliana kwamba kila kisanduku cha kitabuni kiwe mstari wake. Mstari mmoja una namba ya kaya, mwezi unaolipiwa, kilichoandikwa, kiasi, kitabu, ukurasa, na jina la aliyeingiza. Jedwali linakuwa refu sana, lakini kila shilingi ndani yake ina anwani, na ukibishana nayo unapelekwa moja kwa moja kwenye karatasi yake.

Namba ya kaya ilikuwa ya lazima kwa sababu ya majina yetu. Mtu mmoja kitabu kimoja kinamwita kwa jina la ukoo, kingine "Mama Neema", kingine kinatumia jina la mumewe ambaye alishafariki. Na kwenye ukoo mkubwa jina lile lile linajirudia hadi nusu ukurasa. Muuguzi, ambaye kwa kazi yake anazijua nyumba zote, alikaa na wenyeviti wa vitongoji wakaipa kila kaya herufi ya kitongoji na namba. Pale waliposhindwa kuamua kama "Mama Neema" wa 2009 ndiye yule wa 2012, hawakuwaunganisha. Waliwaacha kaya mbili, wakaweka alama, wakaenda kuuliza nyumbani kwa wahusika.

Sasa niwaambie kuhusu safu ile niliyoiita "kilichoandikwa", kwa kuwa kwangu mimi hapo ndipo ulipo uaminifu wa kazi nzima. Kwenye vitabu vyetu kisanduku cha mwezi kinaweza kuwa na kiasi cha fedha, alama ya vema, kistari, neno "msamaha", au kiwe kitupu. Mweka hazina mmoja aliweka kistari akimaanisha hajalipa. Aliyemfuata aliweka kistari akimaanisha hadaiwi, kwa mfano kaya iliyofiwa mwezi ule, ambayo kwa kanuni zetu haichangi. Mtu mwenye haraka angegeuza vistari vyote kuwa sifuri na akaendelea. Hawa waliandika kistari kama kistari kwenye safu ya "kilichoandikwa", na safu ya "kiasi" wakaiacha tupu.

Tupu na sifuri ni vitu viwili. Kwa fomula, sifuri ni namba: inahesabiwa na inashusha wastani, wakati kisanduku kitupu kinarukwa. Kwa binadamu tofauti ni kubwa zaidi. Sifuri inasema kaya hii ilidaiwa na haikutoa. Kisanduku kitupu kinasema kitabu hakituambii. Kuna mama mjane wa kitongoji cha juu ambaye kwa miaka amekuwa akihesabiwa kuwa na deni la miezi minne kwa sababu ya vistari vinne. Muuguzi alipoangalia orodha ya misiba nyuma ya kitabu kile kile, akakuta msiba wa mumewe na kikao kilichompa mapumziko ya miezi minne. Deni lile halikuwahi kuwepo. Kama vistari vingeshageuzwa sifuri, ushahidi wa kuuliza swali ungekuwa umefutwa.

Yapo pia matatizo ambayo mashine yenyewe iliwaletea, na nayasema ili atakayeendeleza kazi hii ayatambue. Sisi tumezoea kuandika fedha hivi: 1,000/=. Kijana mmoja aliandika hivyo ukurasa mzima, na jumla ikaja sifuri. Ukiweka ile "/=" jedwali linachukua kisanduku kuwa maneno, na SUM inayaruka maneno bila kukuonya. Dalili yake inaonekana kwa macho: namba hulala upande wa kulia wa kisanduku, maneno hulala kushoto. Hatari ni pale visanduku viwili vitatu tu vinapokuwa hivyo, maana jumla inapungua kidogo na hakuna anayeshtuka. Zilizokwisha kuingia walizisafisha kwa fomula hii kwenye safu ya pembeni, kisha wakafunga safu ya kiasi isipokee kitu kisicho namba:

```
=IF(D2="","",VALUE(SUBSTITUTE(D2,"/=","")))
```

Tarehe nayo iliwasumbua. Mwezi waliuandika kwa siku yake ya kwanza, yaani Machi 2011 ni 01/03/2011. Jedwali lilikuwa limeundwa na akaunti yenye mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, kwa hiyo Machi mosi ikasomwa kuwa Januari 3. Walipotafuta muhtasari wa mwaka wakakuta michango ya miezi yote 12 imerundikana Januari. Ilibidi waende File, Settings, kisha Locale, waweke United Kingdom, na waandike upya tarehe zote za kurasa zile, kwa sababu kubadili mpangilio hakurekebishi tarehe ambayo tayari imeshaeleweka vibaya. Walirudia bila kunung'unika, na hilo nalo nawashukuru.

Nije kwenye jambo ambalo limenifanya niombe nafasi ya kusema leo badala ya kubandika tangazo ubaoni.

Kila ukurasa uliingizwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona kazi ya mwenzake. Wakimaliza, jumla zao zinalinganishwa, kisha zinalinganishwa na jumla iliyoandikwa kwa mkono chini ya ukurasa. Zikikataa kulingana, Mwalimu ana kipimo chake cha kwanza: gawanya tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Mtu aliyeandika 42,000 badala ya 24,000 amekosea kwa 18,000, na 18,000 kugawa kwa tisa ni 2,000 kamili. Itakuwa hivyo daima tarakimu mbili jirani zikipishana. Mwalimu aliwakumbusha vijana kwamba hilo ni dokezo tu na halithibitishi kitu, kwa sababu 18,000 inaweza pia kuwa miezi tisa ya 2,000 iliyorukwa. Lakini linakuambia uanze kutafuta wapi.

Kwenye kitabu cha tano, ukurasa wa 34, miezi sita ya kwanza ya 2011, wote wawili walipata jumla moja. Fomula ilikuwa hii:

```
=SUMIFS(Michango!D:D, Michango!E:E, "K05", Michango!F:F, 34)
```

Jibu lilikuwa 148,000. Chini ya ukurasa wenyewe pia pameandikwa 148,000. Ukurasa huo hauna tatizo lolote. Lakini binti yetu wa kidato cha nne hakuishia hapo, akafungua picha ya ukurasa wa 35 kuangalia "imeletwa". Pameandikwa 184,000.

Akamwita Mwalimu. Tofauti ni 36,000, na ukigawa kwa tisa unapata 4,000. Nne na nane zimepishana. Mwalimu akataka uthibitisho mwingine, akamwambia ahesabu mistari. Ukurasa wa 34 una kaya 28. Mchango wakati ule ulikuwa 1,000, na malimbikizo ya madeni yalikuwa na kurasa zake mwishoni mwa kitabu. Hata kama kila kaya ingelipa miezi yote sita bila kukosa, ukurasa ule usingeweza kuzidi 168,000. Tarakimu ya 184,000 haikuweza kutoka pale kwa namna yoyote. Wakachukua vishina vya risiti za miezi hiyo wakavijumlisha kwa kaya zile 28. Wakapata 148,000.

Wazee mliopo hapa mnajua kwa nini ninaelezea kwa kirefu namna hii. Mwishoni mwa 2011 vitabu vilikaguliwa, na fedha iliyokuwepo ikawa pungufu kwa 36,000 kuliko vitabu vilivyosema. Wakaguzi walijumlisha kuanzia juu ya kila ukurasa na kuiamini "imeletwa", kama ambavyo wengi wangefanya. Mweka hazina wa wakati ule alisema hajachukua hata senti. Hakuwa na namna ya kuonyesha. Aliuza mbuzi akalipa, akarudisha ufunguo wa sanduku, na hakugombea tena nafasi yoyote kijijini hadi alipofariki. Maneno yaliyosemwa nyuma yake mnayajua, na watoto wake wameishi nayo.

Fedha ile haikuwahi kuwepo. Ilizaliwa mkono ulipopeleka nne na nane ukurasa mwingine, labda jioni taa ikiwa hafifu, na ikawa deni la mtu mwaminifu. Kamati imekaa, imeona picha za kurasa mbili, imeona vishina, na kwa niaba yake ninatamka mbele ya mkutano huu kwamba marehemu hakupoteza fedha za mfuko. Mama yetu, mke wake, yupo hapa. Mama, tunaomba radhi. Naomba mkutano uidhinishe 36,000 zirudishwe kwako leo hii, na muhtasari uandikwe hivyo kwenye kitabu cha kijiji.

(Mkutano uliidhinisha kwa mikono yote. Mama alisema maneno machache, kwa Kipare, na nitayaacha yawe yake.)

Vijana walipogundua jambo lile, mmoja alitaka kwenda ukurasa wa 35 kwenye jedwali kuibadilisha ile 184,000 iwe 148,000. Mwalimu alimzuia. Safu ya "kilichoandikwa" bado inasema 184,000, kama kitabu kinavyosema, na mstari wa marekebisho umeongezwa chini yake ukiwa na tarehe ya mwaka huu, sababu, na majina ya picha mbili. Mtu yeyote atakayekuja miaka ishirini ijayo ataliona kosa na ataliona rekebisho. Nilipoambiwa hilo niliridhika kwamba kazi ipo kwenye mikono salama.

Kuhusu nani anaona na nani anagusa. Jedwali linasomwa na kila mwanakaya aliyepewa kiungo, kwa ruhusa ya kusoma tu. Wanaoweza kuandika ni mimi, katibu, na wahakiki wawili. Miaka iliyokwisha kuhakikiwa imefungwa, na mimi mwenyewe siwezi kuigusa. Kila badiliko linabaki kwenye kumbukumbu ya matoleo, likionyesha nani kalifanya na saa ngapi. Namba zenu za simu hazimo humo. Wengine walishauri tuziweke kwenye karatasi ya pembeni ya faili hilo hilo kisha tuifiche. Kijana wa Dar akatuonyesha kwamba anayeruhusiwa kusoma anaweza kujitengenezea nakala ya faili na kuifichua karatasi iliyofichwa. Kwa hiyo rejista yenye simu iko kwenye faili tofauti kabisa. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi nchini, na hata isingekuwepo, simu ya mjane si ya kuzungushwa.

Kwa mnaotuma kwa simu kutoka mjini, nawaomba jambo moja. Ujumbe unaokuja unaonyesha jina la mwenye laini, na mara nyingi laini ni ya mke, ya rafiki, au ya wakala aliyekusaidia kutuma. Walikesha kutafuta nani ni nani. Ukituma, nitumie pia ujumbe wenye namba ya kaya na mwezi unaolipia, na utume pamoja na gharama ya kutolea. Fedha ikipungua kwa makato, mfuko unaandika kilichofika mkononi, na kaya inabaki na deni dogo ambalo haikukusudia.

Kitabu cha karatasi hakijafa. Mtandao kwetu mnaujua, mvua ikinyesha mnara unazima. Mchango unaandikwa kwanza kwenye kaunta buku, risiti inakatwa, kisha Jumamosi tunaingiza kwenye jedwali. Kila mkutano mkuu, yaani kila miezi mitatu, nitachapisha hali ya kila kaya na kuibandika ubaoni ofisi ya kijiji, kwa ajili ya asiye na simu na kwa ajili ya anayependa kuona karatasi kwa macho yake. Ukiona pasipo sawa, taja kitabu na ukurasa, tutafungua picha pamoja.

Kilichobaki ni kitabu cha tatu. Mchwa waliingia sandukuni wakala kona ya chini ya kurasa za katikati, miezi ya Aprili hadi Septemba 2008. Kwa kaya nyingi jina linasomeka lakini visanduku vimetoboka. Wenzetu hawa wameingiza kilichopo na kuacha visanduku vile vitupu, vikiwa na neno "imeliwa" kwenye safu ya kilichoandikwa. Wangeweza kujaza 1,000 kwa kila aliyelipa mwezi uliotangulia, na hakuna ambaye angejua. Hawakufanya hivyo.

Kwa hiyo mwenye risiti ya mfuko ya 2008, hata ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia, ndani ya msahafu au kwenye kopo la vifungo, ailete kwa Mwalimu ofisi ya kijiji Jumamosi asubuhi. Ataipiga picha na kuirudisha mkononi mwako hapo hapo. Hata kipande chenye namba ya risiti na tarehe tu, kilete.